Bahasha ya Fortunata

Fortunata alijifundisha kuandika programu kwenye kompyuta za duka la intaneti mjini Lindi, alikokuwa mhudumu. Maofisi makubwa yalitaka digrii, naye aliishia kidato cha nne. Akachoka kuyabembeleza. Akatafuta matangazo ya kampuni ndogo yaliyosema, "Tuonyeshe ulichotengeneza," akaipelekea moja ya Dar es Salaam programu yake ya mizani ya ufuta, ambayo wanunuzi wa Mchinga waliitumia kila msimu.

Wakamwita. Akaenda na bahasha ya vyeti, nakala zote zimegongwa muhuri.

"Iweke tu, mdogo wangu," alisema Angela, mkuu wa mafundi, akifungua programu ile. "Mbona uzito wa kila gunia unahifadhiwa papo hapo?"

"Umeme wetu hukatika ovyo, dada. Uzito ungepotea."

Angela akampa programu ya kampuni iliyokuwa na hitilafu. Fortunata akaijaribu, akaona penye kosa, akalirekebisha.

"Jumatatu uanze."

Fortunata aliduwaa. Mtu ambaye hadi siku ile hakumjua hata kwa sura alikuwa ameisoma kazi yake mstari kwa mstari, kama barua kutoka nyumbani.

Bahasha aliisahau mezani. Hakuna aliyeifungua.