Kumpa Mzee Mbaya Sababu

Kijana wa jirani yangu hapa Machochwe aliniletea riwaya aliyoiandika kwenye daftari kubwa. "Shikamoo, mwalimu. Naomba unikosoe, usinionee haya." Nilifundisha Kiswahili miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nikavaa miwani kwa madaha.

Adui wa hadithi alikuwa mzee mwenye buti za mvua za kijani, redio kwapani, mguu mmoja unachechemea. Kaziba kwa miiba njia ya ng'ombe kwenda mtoni, na ng'ombe wa kijiji sasa wanazunguka mlima mzima. Kwa nini? Eti ana roho mbaya tangu tumboni mwa mama yake! Akicheka "Ha! Ha! Ha!" ndama wanakufa.

Nikaitazama miguu yangu. Buti za kijani. Loo! Mtoto huyu kaniandika mimi, kisha kaniletea nimsahihishie!

Hasira zilinipanda, ila nikajifanya sijaelewa. "Wewe mura, kijana wangu," nikamwambia, "huyu si mtu, ni kinyago. Mbaya wa kweli hajioni mbaya. Anaamka asubuhi akijua yeye ndiye anayeonewa. Kuna kitu anakitaka, kuna kitu anaogopa kukipoteza. Tena mpe mahali ambapo ana haki, shujaa wako akose jibu. Na hizo ha-ha-ha futa zote. Ndama wamekukosea nini?"

Wiki iliyofuata akarudi. Sasa mzee kaziba njia kwa sababu ng'ombe walikula mahindi yake. Ndivyo nilivyosema mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji.

"Haitoshi," nikasema. "Mahindi yamevunwa zamani, mbona miiba bado ipo? Sababu iwe na uzito wa tendo lenyewe. Mtu hasimami na fimbo kila alfajiri kulinda mabua."

"Sasa analinda nini, mwalimu?"

Ningemdanganya, kitabu kingeharibika, nami ningebaki kinyago humo milele.

"Labda kuna kaburi la mkewe," nikasema. "Njia inapita ubavuni kabisa. Mvua ziliponyesha, ng'ombe wakalikanyaga, udongo ukatitia. Akaona haya kulia mbele za wanaume mkutanoni. Akasema mahindi."

Kijana aliandika mistari miwili, kisha kalamu ikasimama. Hakuninyanyulia macho.

"Mwalimu, mbona huyo mzee hakusema? Si tungeisogeza njia!"

"Aliulizwa ataitoa lini miiba. Hakuulizwa kwa nini ameiweka."

Akafunga daftari, akaaga kwa sauti ndogo, akaondoka. Nilijilaumu siku nzima kwa mdomo wangu.

Kesho yake asubuhi baba yake alikuja na panga. Ni mtu ambaye hatukuwa tumesalimiana naye tangu mkutano ule. Alisimama karibu na miiba, akavua kofia.

"Mwalimu," akasema, "tuonyeshe marehemu amelala upande gani, tujue pa kupita."