Walubengo na Kiputo cha Jichoni

Walubengo alikuwa fundi cherehani wa Tuwan, mjini Kitale, na kwa miaka thelathini hakuna bwana harusi wa mtaa ule aliyeoa bila suruali kupita mikononi mwake. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Ukienda kwake kupunguza mguu wa suruali, ulirudi nyumbani jioni ukiwa na suruali na habari za nchi nzima.

Sukari alikuwa nayo tangu zamani, na aliichukulia kama mpangaji asiye na kelele. Kisha asubuhi moja akiwa kwenye cherehani aliona uzi mweusi juu ya kitambaa cheupe. Akaupangusa. Haukutoka. Akapuliza, akakung'uta kitambaa mlangoni, akamlaumu mkewe Phelista kwa kusukia nywele karibu na kazi yake.

"Nywele gani?" Phelista akauliza. "Hapa hakuna kitu."

Walubengo akafumba jicho la kushoto, uzi ukapotea. Akafumba la kulia, ukarudi, safari hii na jamaa zake. Kufikia siku ya pili jicho la kushoto lilikuwa kama dirisha la jiko la kuni: moshi mtupu, mwekundu kwa mbali.

Phelista alikuwa mzaliwa wa Kabuchai, na ndugu zake walimwambia kuna hospitali ya macho karibu na Bungoma mjini. Ndipo walipokutana na Daktari Kipngetich, kijana mpole anayezungumza polepole kama anayepima kila neno. Akasema sukari ilikuwa imeharibu mishipa midogo ya jicho, mishipa imevuja damu, na kovu lililoota ndani limeanza kuvuta retina, ile ngozi nyembamba iliyo nyuma ya jicho ambayo ndiyo inayoona.

"Nitatoboa vitundu vitatu vidogo kwenye weupe wa jicho," akasema. "Nitaondoa ule ute wa ndani pamoja na damu, nilibandue hilo kovu polepole, kisha nipige miale mishipa mibovu. Nikikuta retina imechanika, nitajaza jicho gesi."

"Gesi ya kupikia?" Walubengo akauliza.

"Hapana, mzee. Gesi safi ya hospitali. Itaibana retina mahali pake ipone, halafu itaisha yenyewe."

Upasuaji ulichukua karibu saa mbili, jicho likiwa limekufa ganzi na Walubengo yu macho, akisikia kila kitu na, kwa mara ya kwanza maishani, amekatazwa kuongea. Retina ilikuwa imechanika kweli. Asubuhi yake bandeji ilipotolewa, hakuona ila ukungu na vivuli vya mikono. Daktari akamwambia hivyo ndivyo gesi inavyoonekana. Akamfunga kikanda cha kijani mkononi, akampa masharti.

La kwanza: kiputo cha gesi hupanda juu kama povu la soda, na kwa kuwa kidonda kiko nyuma ya jicho, ni lazima uso utazame chini. Wiki nzima. Katika kila saa, dakika hamsini chini, kumi za kula, kutia dawa na kujinyoosha. Kulala chali ni marufuku.

La pili: mpaka kiputo kiishe, pengine wiki nane, asipande ndege. Angani hewa ni nyepesi. Gesi iliyofungiwa jichoni itavimba, jicho lijae shinikizo, damu ishindwe kuingia. "Unaweza kupanda ukiwa na jicho, ukashuka huna," akasema daktari. Na kama atapasuliwa popote kwa sababu yoyote, aonyeshe kikanda kile kabla ya kupewa dawa ya usingizi, kwani kuna gesi ya usingizi inayoweza kukivimbisha kiputo vilevile.

Phelista akamtazama mumewe. Walubengo akatazama sakafu. Ndiyo aliyoruhusiwa kutazama.

Maana binti yao Emmy alikuwa anahitimu uuguzi Nairobi baada ya wiki nne, na alikuwa amewakatia wazazi wake tiketi za ndege kutoka Kitale. Walubengo hakuwa amepanda ndege maishani. Tuwan yote ilijua. Kuna wateja waliokuwa wameanza kumwita Rubani.

"Nikifumba hilo jicho?" akauliza.

"Litavimba likiwa limefumbwa."

"Basi nitaenda na gari."

"Barabara ya Nairobi inapita Timboroa, na Timboroa ni juu sana. Hata Kitale kwako ni juu kuliko hapa, karibu mita mia tano. Pengine haitaleta shida, pengine italeta. Mimi sitaki kujaribu na jicho lako. Una mtu wa kukaa naye huku chini?"

"Yuko," Phelista akajibu haraka. "Nyumbani kwetu Kabuchai."

Walubengo akaguna. Kabuchai ndiko kwa mama mkwe.

Kwa Wabukusu, mkwe na mama wa mkewe hawatazamani usoni. Hawapeani mikono, hawali meza moja, wakikutana njiani kila mmoja hushika upande wake. Mama Edah, mama yake Phelista, alikuwa ameishika mila hiyo kwa miaka yote. Walubengo alimjua kwa kisigino tu, kikitoweka nyuma ya nyumba. Na sasa alipelekwa kulala nyumba ya shemeji yake Wanyonyi, hatua ishirini kutoka mlango wa mama huyo.

Siku mbili za kwanza zilikuwa za mateso. Alikaa amegeuza kiti, kipaji cha uso kikiegemea mto juu ya meza, shingo ikimuuma kama ya ng'ombe aliyelima. Wageni walikuja kumpa pole, naye akawatambua kwa viatu. "Hizo gambuti ni za Wanyonyi. Hizo viatu zimepigwa rangi, wewe ni katekista."

Siku ya tatu ziliingia sandali za plastiki za buluu asizozijua. Zikasimama mlangoni.

"Baba Emmy," sauti ya mama mzee ikamsalimu kwa Kibukusu. "Mulembe."

Walubengo alishtuka nusura ainue kichwa.

"Kaa hivyo hivyo!" Mama Edah akaamuru. "Nimefikiria hii mambo tangu juzi. Wewe huwezi kuona uso wangu. Mimi naona kisogo chako tu. Sasa tumekosea nani?"

Akasukuma kitu kwa fimbo mpaka chini ya meza. Ilikuwa kata, ile duara ya nguo kina mama hutwika mtungi juu yake, lakini kubwa na laini, yenye tundu katikati. Ukiilalia, mashavu na kipaji hukaa juu yake na jicho haliguswi na kitu. Walubengo aliijaribu kitandani, kifudifudi, akapumua kama mtu aliyevuliwa viatu vya kubana.

Tangu hapo sandali za buluu zilikuja kila siku baada ya chai. Zilikaa kizingitini na kuongea. Ikawa Walubengo, msema sana wa Tuwan, amepata mwenzake. Mama Edah alimpasha ni nani aliyeuza muwa kabla haujakomaa, akamweleza jinsi Phelista alivyokuwa mtoto mwenye hasira hadi akang'ata mbuzi.

"Aling'ata mbuzi?"

"Sikio. Na wewe ulipokuja kuposa nilisema, acha aende, huyu kijana ataongea mpaka achoke kung'ata."

Wiki ikaisha, akaruhusiwa kuinua uso, ila asilale chali. Mazungumzo yakahamia kwenye ukuta: yeye upande huu wa nyumba, mama upande ule. Na jicho likaanza kufanya maajabu. Juu kabisa kulikuwa na mwanga safi, chini kiputo, maana ndani ya jicho picha hupinduka, na katikati mstari unaocheza kama maji ndani ya glasi. Kila siku mstari ulishuka kidogo. Kufikia wiki ya nne aliona mnazi... hapana, alijirekebisha, ni mgomba, lakini aliuona.

Hapo shetani akamnong'oneza. Kiputo si kimebaki kidogo? Ndege ya Nairobi si safari ya muda mfupi tu? Phelista alikuwa tayari Kitale akipanga sanduku, akiamini kwamba atasafiri peke yake. Alhamisi asubuhi Walubengo akavaa suti, akavuta mkono wa shati ukafunika kikanda cha kijani, akamwambia Wanyonyi awashe ile pikapu ya kubebea muwa.

"Daktari amekubali?" Wanyonyi akauliza.

"Daktari ni kijana, bana. Washa gari."

Wanyonyi akawasha. Walubengo akatoka nje, akapiga hatua tatu kuelekea pikapu, na mbele yake akatokea Mama Edah. Si nyuma ya ukuta. Si kisigino. Mzima mzima, uso wazi, mikono kiunoni.

Walubengo akageuka haraka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Akazunguka upande wa mgomba. Mama akawa ameshafika kwenye mgomba. Akajaribu upande wa zizi. Mama huyo hapo. Kila alikoelekea alikuta uso asiopaswa kuuona, naye, mkwe mwenye adabu zake, akalazimika kurudi nyuma, mkono machoni, mpaka akajikuta amegonga mlango wa Wanyonyi kwa mgongo.

"Mama, unavunja mila!" akalia.

"Nitatoa kuku nisafishwe," Mama Edah akajibu. "Jicho nitakutolea wapi? Mwaka jana Emmy alileta krisps kutoka Bungoma, tukazipeleka kwa ndugu yangu Kachibora. Tulipofika pakiti imevimba kama chura, ati inataka kupasuka. Na hiyo ni Kachibora tu! Ndege inaenda juu ya Kachibora mara ngapi?"

Wanyonyi alikuwa amelala juu ya usukani kwa kucheka. Akazima injini.

Walubengo akaketi kizingitini na suti yake. Akasema kwa sauti ndogo, "Nilitaka mtoto anione pale, Mama."

Mama Edah alikuwa tayari amempa kisogo. "Atakuona ukiwa na jicho la kumwona," akasema.

Siku iliyofuata walitazama mahafali kwenye simu ya Wanyonyi, Walubengo akiwa ndani na mama nje ya dirisha akiuliza kila dakika, "Wamemwita? Bado?" Jina la Emmy liliposomwa, alipiga kigelegele kilichowatimua kuku. Walubengo alifumba jicho zuri kwa makusudi, akamtazama binti yake kwa lile la kushoto. Juu ya mstari wa maji, katika joho jeusi, aliona kitu kidogo kikipunga mkono. Alilia, kisha akahangaika kwamba machozi yatadhuru dawa.

Phelista alirudi akisema habari za mawingu. Alipewa juisi hukohuko juu. Alizisimulia Kabuchai, kisha Tuwan, na katika masimulizi hayo mumewe hakupata nafasi ya kutia neno.

Kiputo kilikwenda kikipungua: sahani, kisha kifungo cha koti, kisha shanga inayoruka-ruka kila akipiga hatua. Wiki ya nane, siku ya Jumanne, akiwa anakunywa uji bila sukari, aliitafuta ile shanga akaikosa. Daktari Kipngetich akachungulia kwa taa, akakata kikanda cha kijani kwa mkasi, akamwambia jicho halitakuwa kama la ujana wake lakini litasoma gazeti kwa miwani, mradi sukari aichunge.

Kabla ya kupanda kwenda Kitale, Walubengo alipima kipande cha kitenge kwa macho yote mawili, akamshonea mama mkwe gauni kwa cherehani ya kuazima. Vipimo alikisia, kwa kuwa ile asubuhi ya Alhamisi alikuwa amemwona vizuri kuliko alivyokiri. Akalitundika kwenye ule ukuta wa mazungumzo yao, akaondoka upande wake wa njia.

Lilimkaa sawasawa, isipokuwa mabegani.