Hisa Mia Nne za Budeba

Severina Kalinga alikuwa mhasibu wa kampuni ya wakulima wa miti pale Mafinga, na wiki ile ya gawio kichwa kilimuuma tangu asubuhi. Bodi ilikuwa imepitisha shilingi mia na ishirini kwa kila hisa. Hisa zote ni laki nne, kwa hiyo gawio ni milioni arobaini na nane. Ukitoa kodi ya zuio ya asilimia kumi, wanahisa walipaswa kupata milioni arobaini na tatu na laki mbili. Orodha ya kupeleka benki ilizidi hapo kwa elfu arobaini na tatu na mia mbili.

Meneja, Obeid, aliingia akiwa bado na koti la baridi.

"Dada, watu wananipigia simu. Saini tuondoke."

"Haijakaa sawa, bosi."

"Kwa elfu arobaini na tatu?"

"Baada ya kodi, hisa moja inalipa mia na nane. Hiyo iliyozidi ni hisa mia nne. Kuna mtu tumemwandika mara mbili."

Alirudi kwenye majina, macho yakiwasha. Wenye hisa mia nne walikuwa wengi. Mwishowe akawaona: Budeba, dereva wa malori ya mbao aliyefariki mwaka jana, na Esther, mjane wake wa Igawa. Hisa zilikuwa zile zile.

"Basi mfute huyo mama," Obeid alisema. "Budeba ndiye wa zamani, na namba yake ya simu ya kumtumia pesa tunayo."

Severina alijua namba ile sasa ilikuwa mikononi mwa Seni, mdogo wa marehemu. Angesaini tu, hesabu ingekubali, naye angekwenda kulala. Badala yake alivuta faili la mirathi. Mahakama ilimpa Esther hisa zote, bodi ikaridhia. Aliyeingiza jina jipya ndiye ambaye hakuondoa la zamani.

"Anayefutwa ni Budeba," alisema. "Na kodi nayo tuipunguze, tulitaka kupeleka elfu nne na mia nane za ziada."

Obeid alijitupa kwenye kiti. "Basi malipo ni hadi Jumatatu. Wewe ndiye utakayepokea simu zao."

Akazipokea, moja baada ya nyingine, wengine wakimtukana. Seni naye alipiga. Severina alimwambia hisa ni za shemeji yake, akakata.

Jumatatu hesabu zikakubaliana, fedha zikatoka. Mchana Esther akapiga.

"Mwanangu, mia nne mara mia na ishirini ni elfu arobaini na nane. Mbona nimepata pungufu? Nani kala elfu nne na mia nane yangu?"

Severina alifumba macho.

"Hakuna aliyekula, mama. Ni kodi ya serikali. Kila mwanahisa amekatwa."

"Hata wakubwa?"

"Hata wakubwa."

"Haya. Pole na kazi," Esther alisema, na simu nyingine ikaanza kuita.