Msimamizi wa Vifungo

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mpiga taipu katika chumba kimoja karibu na posta ya Kakamega. Nilikuwa na cheti cha sekretari, viatu vya kisigino, na imani kubwa kwamba nimezaliwa kufanya jambo kubwa kuliko kupiga barua za watu wanaogombania mipaka ya shamba. Kwa hiyo siku ile ajenti alipoingia na mkoba wake wa ngozi, nilimwona kama mtu aliyechelewa kidogo tu.

Alivaa suti ya rangi ya maziwa, rangi ambayo mtu wa Kakamega havai msimu wa mvua isipokuwa ana gari. Gari hakuwa nalo. Alikuja kwa miguu, akikanyaga matope kwa uangalifu kama paka. Alisema kampuni yake inatafuta wasichana waliosoma wakafanye kazi katika kiwanda cha nguo Uarabuni. Alitaka nimpigie nakala arobaini za mkataba kwa Kiingereza. Kuhusu malipo alikuwa na jambo bora zaidi kuliko pesa: angeniweka wa kwanza kwenye orodha.

"Kushona tu?" nikauliza, maana nilikuwa na cheti.

Akaniangalia vidole. "Wewe utakuwa msimamizi. Idara ya vifungo."

Nikapiga nakala arobaini. Nilipiga haraka na bila kosa, na sikusoma hata mstari mmoja. Ndivyo tulivyofundishwa: macho kwenye karatasi, vidole kwenye mashine, akili nyumbani.

Habari ikaenea hadi Navakholo na Malinya. Kwa majuma mawili mji mzima ulizungumza Kiarabu cha kubahatisha. Msichana mmoja aliyekuwa akiuza vitambaa sokoni, rafiki yangu tangu shule ya msingi, aliacha kula obusuma, ugali wetu, akisema anajizoesha wali. Mimi mwenyewe nilianza kuwasemesha wateja kwa sauti ya mtu mwenye wafanyakazi chini yake. Kijana mmoja karani, aliyekuwa ananichumbia, nilimwambia aandike barua akitaka kuniona, ili azoee.

Ajenti akaitisha mkutano katika ukumbi wa mji. Akatundika picha kubwa ya kiwanda. Kilikuwa kizuri, chenye madirisha mengi, na nyuma yake kulikuwa na miti iliyofunikwa kitu cheupe. Mtu mmoja akauliza ni nini kile cheupe, maana alisikia huko ni jangwa.

"Pamba," akasema ajenti. "Kiwanda kikifanya kazi sana, inaruka."

Tukatikisa vichwa. Tulikuwa watu waliosoma.

Aliyeniharibia siku alikuwa shangazi yangu, dada wa baba, ambaye sisi tunamwita senge. Alikuwa ametoka Malinya asubuhi ile kunitembelea, akaniomba nimpeleke kwenye huo mkutano unaonitianga kiburi. Senge hakuwa na cheti chochote. Kabla ya uhuru alikuwa yaya na mpishi wa Wazungu kule Kitale kwa miaka mingi, na jambo hilo tulilificha kidogo kwenye familia. Alisimama kwenye safu ya nyuma na kanga yake mabegani.

"Mimi nauliza kidogo tu," akasema. "Hawa wasichana watalalanga wapi?"

"Kuna hosteli, mama. Vitanda vya springi."

"Mlango wa hiyo hosteli unafungwa kutoka ndani ama kutoka nje?"

Watu wakacheka. Mimi nikachunguza viatu vyangu.

"Siku ya kupumzika ni gani?"

"Mama, huko kazi inafanywa na mashine. Inayochoka ni mashine."

"Na barua ikitoka nyumbani, inafunguliwanga na nani?"

Ajenti akatabasamu kwa huruma, akageukia ukumbi mzima. "Ndugu zangu, haya ni maswali ya wakati wa mkoloni. Mama alifanya kazi wakati ule. Sasa tuko huru."

Ukumbi ukapiga makofi. Nami nilipiga, nasikitika kusema, tena kwa nguvu, ili isijulikane kwamba yule mama amekuja na mimi. Senge akaketi. Tulipofika chumbani kwangu akaomba kuuona huo mkataba. Nikampa nakala moja. Hakujua Kiingereza, lakini aliigeuza huku na huku, akaweka kidole kwenye ukurasa wa mwisho uliokuwa na maandishi ya kwenda upande mwingine.

"Huu nani aliandika?"

"Huo ni wa Kiarabu. Ajenti alikuja nao umeshapigwa chapa. Ni maneno yaleyale."

"Nani alikuambia ni yaleyale?"

"Ajenti."

"Haya," akasema, akaenda kuweka chai motoni.

Sasa, ajenti alikuwa na tatizo dogo alilolitaja kama kero tu. Mkataba wa kazi ya nje ya nchi ulikuwa lazima ushuhudiwe na afisa wa kazi wa serikali, na bila saini yake safari ilikuwa ngumu. "Ni mhuri tu," alituambia. Asubuhi ya Jumatatu akatupeleka kumi wa kwanza katika ofisi ya kazi, tumevaa kama tunaenda kubarikiwa kanisani. Senge akaja pia. Sikumwalika.

Afisa wa kazi alikuwa mzee mwembamba aliyependa mihuri yake kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Alikuwa nayo sita, juu ya kibao, na aliipangusa wakati ajenti akimweleza. Ajenti alidhani mtu anayependa mihuri atapenda kuipiga. Alikosea. Mzee yule aliona uchungu kuichakaza.

"Cheti cha daktari cha kila mmoja?" akauliza.

Ajenti akavitoa.

"Mwajiri wao ni nani, na yuko wapi? Hapa kwenye Kiingereza naona jina la kampuni yako tu."

"Mwajiri yuko kwenye ukurasa wa Kiarabu, bwana."

"Dhamana ya mwajiri kwamba atawarudisha?"

"Inakuja."

Afisa akaniita mimi, kwa kuwa nilikuwa wa kwanza kwenye orodha. "Sheria inanitaka nihakikishe umeuelewa huu mkataba kabla ya kusaini, na kwamba hakuna aliyekulazimisha. Umeuelewa?"

"Nimeupiga taipu mwenyewe," nikasema, kwa Kiingereza.

"Sikuuliza hivyo. Kifungu cha mwisho kinasema nini?"

Nikaitafuta nakala yangu kwa macho. Akanisukumia karatasi, nikasoma kwa sauti, mbele ya wasichana tisa, ajenti na senge: pale ambapo maandishi ya Kiingereza yanatofautiana na ya Kiarabu, yatakayofuatwa ni ya Kiarabu. Nilikuwa nimeyapiga mara arobaini, na kila mara niliweka nukta mwishoni kwa unadhifu.

"Basi mkataba ni huu," afisa akasema, akigusa ukurasa wa Kiarabu, "na mimi siwezi kuusoma. Sitashuhudia nisichokisoma. Nitafute mtu wa kuutafsiri."

"Mimi nitaleta mtu," ajenti akasema haraka.

"Hapana," akasema senge kutoka mlangoni. "Atoke kwingine."

Afisa akamwangalia juu ya miwani, kisha akakubali. Akampeleka tarishi Mumias kumwomba mwalimu mmoja wa madrasa aje. Ajenti akasema ana shughuli Kisumu na angerudi Alhamisi. Nitamsifu kwa hili: alirudi. Nadhani alikuwa ameanza kuyaamini maneno yake mwenyewe, ugonjwa ambao nami nilikuwa nao.

Mwalimu alifika na begi dogo, akasalimia, "Asalaam aleykum," akavuta kiti, akausoma ukurasa mara mbili kimya. Kisha akaanza kuufasiri kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili safi kilichotuumiza zaidi kwa usafi wake.

"Kazi: khadima."

"Yaani mhudumu," ajenti akaingilia. "Ni neno moja na huduma. Hata kiwandani kuna huduma."

"Asili ni moja, kweli," mwalimu akasema kwa upole. "Lakini hapa imeandikwa khadima wa nyumbani. Mtumishi wa kike. Saa za kazi ni kadiri ya mahitaji ya nyumba. Hatatoka nyumbani wala nchini bila ruhusa ya kafili wake, yaani mdhamini. Pasipoti itakaa kwa mdhamini. Akiacha kazi kabla ya miaka miwili, nauli ya kurudi ni juu yake."

"Na siku ya kupumzika?" senge akauliza.

Mwalimu akaupitia ukurasa tena kwa kidole. "Haikutajwa."

"Vifungo je?" nikauliza mimi. Sijui kwa nini niliuliza. Nilikuwa bado na tumaini dogo.

"Vifungu viko kumi na viwili, binti yangu."

"Vifungo vya nguo, nauliza."

"Hapana. Nguo zimetajwa mara moja tu. Kufua."

Afisa wa kazi akarudisha mihuri yake kwenye kibao, mmoja mmoja. Ajenti akasema kumetokea makosa ya uchapaji, akaniangalia mimi. Akachukua mkoba wake akaenda kuyarekebisha, na mara hii hakurudi. Picha ya kiwanda ilibaki ukumbini muda mrefu. Watu wa harusi waliipenda kupigia picha mbele yake.

Mtu angedhani tungemshukuru senge. Mji ulimkasirikia yeye. Mama mmoja alimwambia sokoni kwamba ameziba riziki ya watoto wa watu kwa sababu yeye mwenyewe aliishia jikoni. Nami sikumtetea. Nilimwambia usiku wa Alhamisi ile angeniuliza faraghani badala ya kuniaibisha.

"Faraghani niliuliza," akasema. "Ulisema ni yaleyale."

Lakini afisa wa kazi hakuishia hapo. Mwalimu alikuwa amemsomea majina na anwani za waajiri kutoka kwenye kurasa za Kiarabu za mikataba yetu, kila msichana na wake, na afisa akamwandikia mmoja. Baada ya miezi miwili jibu lilikuja. Yule bwana alishangaa. Hakuwa na kiwanda, alisema, ila duka la taa. Aliomba mtu wa kupika na kutunza watoto watano, na hivyo ndivyo alivyomwambia ajenti wa huko kwao. Je, bado mtu huyo anaweza kuja?

Rafiki yangu wa vitambaa akasema yuko tayari kwenda. Nilidhani ana wazimu. Senge hakuona hivyo. "Huyu ameitaja kazi kwa jina lake," akasema. "Sasa mnaweza kuzungumza." Akakaa karibu na mashine yangu, akataja masharti, nami nikayapiga: chumba chenye ufunguo kwake mwenyewe, Ijumaa nzima ya kupumzika kila juma, pasipoti mkononi mwake, barua zisizofunguliwa, nauli ya kurudi ilipwe na mwajiri. Mwalimu akayaandika kwa Kiarabu, maneno yaleyale kweli safari hii. Bwana wa taa alikubali yote isipokuwa pasipoti. Walibishana yeye na senge kwa barua mbili, akakubali. Akatuma dhamana. Afisa akasoma pande zote, akauliza maswali, akapiga mhuri kwa sura ya mtu anayeaga mwana.

Rafiki yangu alikaa miaka miwili. Kazi ilikuwa ngumu, aliniandikia, na watoto walikuwa wakorofi, lakini Ijumaa ilikuwa yake. Alirudi amenenepa kidogo, na bado hapendi wali.

Mimi niliolewa na yule karani, ambaye alikuwa ameandika barua kama nilivyomwagiza, zote saba. Kabla ya kusaini cheti cha ndoa nilikisoma chote, mbele na nyuma, msajili akisubiri na kalamu mkononi. Watu walidhani nina shaka naye.