Mshale wa Fanesi

Hapa zahanatini Mulanje, Nesi Fanesi alikuwa na kawaida moja asubuhi: kukitazama kipimo cha presha. Mshale ukilala kwenye sifuri, basi, ni kizima. Kilipoanguka sakafuni mshale ukapinda, alifungua kioo akaurudisha sifuri kwa kucha. Tulimsifu. Wajinga sisi.

Wifi yake Tiyamike alikuja na mimba ya miezi minane, kichwa kinamgonga.

"Mia ishirini na nane," Fanesi alimwambia. "Presha huna, wifi. Una uvivu tu. Kalale."

Akaenda kulala. Kifafa cha mimba kikamkuta huko huko nyumbani, tukamzika na mtoto tumboni.

Baada ya matanga ndipo akaja Gondwe, fundi wa vifaa kutoka wilayani. Kwa mpira wa njia tatu aliunganisha kipimo chetu na chake kilichohakikiwa, akajaza upepo. Kwenye sifuri vilikubaliana. Chake kilipofika mia na hamsini, presha ya hatari kwa mjamzito, chetu kilisema mia ishirini na nane.

"Sifuri haithibitishi kitu," alisema. "Kikianguka, kilinganishwe kabla ya kutumika. Hata kisipoanguka, springi huchoka. Kila miezi sita kilinganishwe."

"Mbona hamkuja?" Fanesi alimuuliza.

"Mbona hamkuita?"

Nje wajawazito walikuwa wamepanga foleni, na mmoja akachungulia mlangoni akicheka.

"Dada, tupime basi. Mkono wako una bahati, hujawahi kunikuta na presha."