Moshi wa Chumba cha Tatu

Nakumbuka siku moja pale Mwingi, mwanangu, wivu uliponifanya nifurahie kikohozi cha mtoto mchanga. Usishtuke. Nakwambia kwa sababu leo unapokea funguo za ploti ya nyanya yako, vyumba vyake vya kupangisha, na funguo hizo zina majaribu yake.

Nilikuwa msichana bado, mtoto pekee wa mama mjane, naye alikuwa amenipa kazi ya kuangalia wapangaji. Chumba cha tatu alikaa Musyoka, dalali wa mbuzi. Kila siku ya soko alimletea mama maini, na mama akayala akicheka, sufuria yangu ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, ikipoa kando. Isitoshe, alimwita "mwaitu", yaani mama yangu, kama mimi nimwitavyo. Neno hilo lilinichoma! Nilimchukia mtu aliyenisalimia vizuri kila asubuhi.

Kisha nikasikia harufu ya sigara mlangoni kwake. Kanuni ya nyumba aliijua, maana nilimsomea mwenyewe alipoingia: hakuna kuvuta ndani. Lakini sikumwambia kitu. Niliingoja siku ya kumwaibisha mbele ya mama. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliuona, nikaukalia.

Wiki zikapita. Asubuhi moja Kalekye, mpangaji wa chumba cha nne, akaja na mtoto mgongoni.

"Mtoto halali. Kifua inalia usiku yote," akasema. "Kliniki wamesema ni pumu, moshi inamzidishia. Na mimi hata jiko napikia nje."

Nilimpa pole kwa mdomo, moyoni nikashangilia. Nikaandika barua kali: Musyoka ni mwenye dhambi, mwili wake hekalu lililochafuka, na ahame kesho. Nikaibandika mlangoni kwake, nje, kila mtu aisome.

Mama ndiye aliyeibandua. Hakupiga kelele, mama hakuwa mtu wa kelele. Alimwita Musyoka, tukaingia chumbani watatu. Dirisha lilikuwa limefungwa, na chini ya mlango palikuwa pamezibwa kwa gunia.

"Nilikuwa nafunga kila mahali ndio isisumbue watu," Musyoka akasema, macho chini. "Na niliona aibu unijue navuta, mwaitu."

Mama akamwonyesha juu. Ukuta uliishia chini ya mabati, hakukuwa na dari. Alivyozidi kuziba kwake, ndivyo moshi ulivyozidi kupanda na kuteremkia kwa Kalekye. Musyoka akakaa kitandani, mikono kichwani.

"Dada, si ungeniambia tu?" akaniuliza.

Mama akanigeukia. "Ulijua tangu lini?"

Kupitia juu ya ukuta tulimsikia mtoto akivuta pumzi kwa shida, kifua kikilia.

"Sheria ya nyumba si mahubiri," mama akasema, "na si fimbo ya kumvizia mtu. Andika upya."

Nikaandika, yeye akinisahihisha. Tulimkumbusha kanuni aliyokubali, tukaeleza moshi unapopita na kwamba jirani ana mtoto mwenye pumu. Kuvuta ndani kukome siku hiyo hiyo, kwa sababu pumzi ya mtoto haina subira. Akitaka kuvuta, aende nyuma ya tangi la maji, mbali na madirisha, vipande vya sigara atie mkebeni. Kufua mapazia, kuosha kuta na kupitisha hewa alipewa wiki mbili, maana ni mtu wa safari za minadani. Akirudia tutaketi tuzungumze. Akiendelea, atapewa notisi ya mwezi mzima ahame. Na kanuni ni ya kila mpangaji pamoja na wageni wake. Dhambi hatukuitaja. Barua akapewa mkononi.

Musyoka alitii. Kuta alianza kuziosha jioni ile ile. Mama aliendelea kula maini yake, nami niliendelea kuona wivu. Wivu hauishi kwa kukaripiwa mara moja. Lakini sikuutuma tena kazi ya ploti.

Basi shika hili, mwanangu. Mpangaji akikosea, mwambie mapema, kwake, kwa maneno ya kosa lenyewe. Linaloumiza mtu likome leo, linalohitaji jasho lipe muda. Na ukijiona unalifurahia kosa la mtu, jua kalamu hiyo si ya kuandikia; iweke chini kwanza. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini kuna kunyamaza kubaya kuliko vyote viwili: mimi nilinyamaza, na aliyelipa kwa wiki za kikohozi alikuwa mtoto asiyejua hata jina langu.

Mungu akupe mkono wa haki na moyo usiohesabu maini ya wengine. Wote watakaolala chini ya mabati yako walale wakipumua vizuri.