Slaidi Sita za Mama Ciru

Annah Muigai, ambaye ofisini tunamwita Mama Ciru, hakusomea sayansi yoyote. Aliingia ofisi yetu ya Parklands miaka kumi na tisa iliyopita kama mpiga chapa, na kazi anayoifanya leo haijaandikwa kwenye barua yake ya ajira. Sisi wataalamu wa maji tunaandika ripoti nene, yeye anazikatakata mpaka mtu wa kawaida azielewe. Anatumia penseli, miwani imemteremka puani, na huruma hana. Mimi, Ndambuki, nimemnunia kwa ajili hiyo kwa miaka mingi, na sioni haya kusema.

Mwaka huu nilipima visima vitatu vya chama kimoja cha maji kule Kinoo. Ripoti yangu ilifika kurasa mia moja na kumi na mbili, na sikuona hata moja ya kupunguza. Chama kikanipa dakika kumi na tano Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa, kabla ya wanachama kupiga kura kama watatoa pesa za kubadilisha mabomba. Wasikilizaji wangu wangekuwa wenye nyumba, wapangaji, wauza mboga na walimu wawili watatu. Jumatatu nikatengeneza slaidi arobaini na moja, nikajipongeza, nikampelekea Mama Ciru azitie rangi.

Hakuzifungua. "Injinia, hawa watu wakitoka hapo kanisani, unataka wafanye nini?"

"Waelewe hali ya maji yao."

"Hiyo si kufanya. Nimeuliza wafanye nini."

Nilikasirika. Nikamwambia kila kitu kiko kwenye muhtasari, ukurasa wa tatu, asome mwenyewe. Baada ya chai ya saa nne alirudi na karatasi moja. Alikuwa ameandika kwa penseli: *Floraidi katika maji yenu ni miligramu 1.4 kwa lita. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni 1.5.*

"Kama ni hivi, si uwatumie tu meseji maji iko sawa? Mkutano ni wa nini?"

"Hiyo ni wastani wa visima vyote vitatu."

"Na maji ya hivyo visima inachanganywa kwa tangi moja?"

"Hapana. Kila kisima kina tangi yake na laini yake."

"Sasa nani anakunywa wastani?"

Jedwali lilikuwa ukurasa wa sitini na nne, nililichora mwenyewe: kisima cha kwanza 0.6, cha pili 2.9, cha tatu 0.7. Nilijua vizuri kwamba nyumba za laini ya pili zinakunywa maji yenye floraidi karibu mara mbili ya kiwango. Lakini nilipoandika muhtasari nilitaka namba moja safi, na namba hiyo safi ilikuwa imeficha nyumba arobaini.

Siku tatu zilizofuata tulibishana. Mama Ciru alikataa kuanza na jinsi tulivyopima. Alianza na jibu, na kila slaidi ikapewa sentensi moja kamili juu yake, inayoweza kueleweka hata na mtu aliyechelewa. Kisima cha pili hakikuitwa tena cha pili, kwa sababu aliwapigia simu watu wa Kinoo akagundua hakuna anayekijua kwa namba. Kikaitwa kisima cha posho mill, kwa kuwa kiko kando ya kinu cha kusaga mahindi. Jedwali langu likawa nguzo tatu na mstari mmoja mwekundu, nguzo moja ikiwa imeupita mstari. Mchoro wangu wa matabaka ya miamba, niliouchora kwa wiki tatu, aliuweka nyuma kabisa, baada ya slaidi ya mwisho. "Mtu akiuliza utamwonyesha," alisema. Nani angeuliza? Niliumia, nasema kweli.

Arobaini na moja zikawa sita. Tuligombana hasa juu ya ya nne. Iliandikwa: *Kuchemsha maji hakuondoi floraidi.* Hakukuwa na kitu kingine juu yake.

"Hii unaipotezea slaidi nzima?" nilimuuliza. "Kila mtu anajua hiyo."

"Mimi sikujua. Nimeitoa kwa ripoti yako, ukurasa wa themanini na nane, nusu ya sentensi."

Ijumaa saa kumi jioni alikwenda kliniki. Nikafungua kompyuta, nikaifuta slaidi ya nne, nikauweka mchoro wangu wa miamba mahali pake. Zilibaki sita, kwa hivyo niliona sijamkosea mtu.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mama Ciru aliketi karibu na projekta akinibadilishia slaidi. Ya kwanza ilipotokea watu waliisoma kwa sauti. Ya pili, ile ya nguzo, mzee mmoja akasimama kuonyesha kwa fimbo, "Hiyo ndiyo yetu." Nilieleza kuhusu meno ya watoto yanayoota na madoa ya kahawia, na mifupa inayokakamaa kwa anayekunywa maji hayo miaka mingi. Wakafuata vizuri. Halafu mchoro wa miamba ukatokea. Mama Ciru aliutazama, akanitazama mimi, akarudisha macho kwenye kompyuta. Nikaongea dakika nne juu ya mawe ya volkano na watu wakaanza kushika simu zao, kisha slaidi mbili za mwisho, za mabomba, nikazipitisha mbio.

Nilipomaliza, mwenyekiti Gichuru alishukuru sana. "Kwa hivyo watu wetu, mmesikia injinia. Hii maji ya posho mill tuwe tunachemsha. Kubadilisha mabomba tutaangalia mwaka ujao."

Watu wakaitikia, wamefurahi. Wengine wakaanza kuinuka. Namba zangu walizikubali zote, nguzo walizielewa, na walikuwa wanaondoka na uamuzi mbaya. Sikumtazama Mama Ciru. Niliogopa.

"Ketini kidogo," nilisema. "Kuchemsha haisaidii. Supu ukiiacha jikoni ichemke mpaka ipungue, chumvi inazidi. Floraidi ni hivyo hivyo. Kuchemsha inaua vijidudu, lakini floraidi inabaki, na maji yakipungua inakuwa kali zaidi. Kufua, kuoga, sawa. Ya kunywa na kupika, chukueni kwa laini zile zingine mbili mpaka mabomba yabadilishwe na laini ya posho mill iunganishwe na hizo."

Kisha nyanya mmoja wa safu ya tatu, Waithera, cucu kama wasemavyo Kinoo, akanyanyua mkono kama mwanafunzi. Alikuwa amempakata mjukuu wa kama miaka miwili.

"Huyu mama yake anafanya kazi mbali, mimi ndio namlea," alisema. "Nilisikia hii maji si nzuri. Sasa ya watu wazima nachemsha mara moja. Yake nachemsha mara mbili."

Alikuwa ananiangalia mimi, si mwenyekiti. "Tangu azaliwe."

"Acha leo, cucu," nikasema. "Nilikuwa na karatasi nzima ya kuwaambia hivyo. Niliitoa jana mimi mwenyewe, nikaweka picha ya mawe."

Hakunigombeza. Alifungua mkoba wa mtoto, akatoa chupa iliyofungwa kwa kitambaa ili maji yasipoe, akaishika mkononi bila kujua aiweke wapi. Mama Ciru aliinuka pale kwenye projekta, akaenda akaipokea.